Soma tangazo lililobandikwa kabla hujachukua tiketi ya kwanza

Kama umeanza kazi ya kuhudumia wateja kwa barua pepe au kwa ujumbe mfupi, tabia ya kwanza ninayokuomba uijenge ni hii: ukifika zamu, usifungue foleni ya tiketi, yaani mazungumzo ya wateja yanayosubiri kujibiwa kwenye mfumo. Fungua kwanza kundi la timu, usome yaliyobandikwa juu. Nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha kuona kwamba makosa mengi ya asubuhi hayatokani na kutojua kazi. Mtu anaijua vizuri sana, ila anaijua ya jana.

Sababu ya kusoma kabla, na siyo "nikipata nafasi", iko kwenye mfumo wenyewe. Mifumo mingi huanza kuhesabu muda wa kujibu tangu mteja alipoandika, na ukishachukua tiketi jina lako liko juu yake. Hapo mkono unakimbilia kujibu, na ukikuta tangazo jipya katikati ya kazi utalipitia juu juu tu. Isitoshe, tiketi za aina moja hufuatana. Ukikosea utaratibu wa ile ya kwanza, utaurudia kwenye zote zinazofanana nayo mpaka mtu akushtue.

Nikuonyeshe kwa mfano. Tuseme leo asubuhi umekuta tangazo hili:

"Kuanzia leo 06:00 UTC, kwa maombi ya kubadilisha namba ya simu, tusithibitishe tena mteja kwa tarehe ya kuzaliwa. Tuma msimbo kwenye barua pepe iliyosajiliwa. Maombi yaliyofika kabla ya muda huo yamaliziwe kwa utaratibu wa zamani. Akaunti zilizofungiwa zipelekwe timu ya usalama."

Ni sentensi nne tu, na mgeni atazisoma akabaki na moja kichwani: siku hizi tunatuma msimbo. Hapo ndipo anapopotea, kwa sababu uzito wa tangazo la aina hii uko kwenye mipaka yake.

Anza na muda. 06:00 UTC, kwa mtu ambaye saa yake iko mbele ya UTC kwa saa 3, ni saa 3 kamili asubuhi, siyo saa 12. Timu zenye watu wa nchi mbalimbali huandika UTC, saa ya pamoja ya dunia, na sisi tuliozoea kuhesabu saa tangu jua linapochomoza tunahitaji kugeuza hatua mbili: kwanza kuja saa ya hapa, kisha kuja saa ya Kiswahili. Fanya hesabu hiyo mara moja tu, uandike jibu kwenye karatasi iliyo mbele yako. Ukiliacha kichwani, utahesabu upya kwa kila tiketi, na katikati ya haraka utakosea.

Kisha tazama linagusa nini. Tangazo linasema kubadilisha namba ya simu. Halisemi kubadilisha anwani wala nywila. Kishawishi cha kusema "nadhani na hizo zimo" ni kikubwa, lakini aliyeandika huenda alikuwa na sababu ya kuziacha. Zifanye kama zilivyokuwa zikifanywa mpaka uambiwe vinginevyo.

Sasa chukua tiketi. Mteja aliifungua 05:20 UTC akilalamika kuwa ametozwa mara mbili. Saa 06:30 UTC, ndani ya tiketi hiyohiyo, akaongeza: "Na pia naomba mnibadilishie namba ya simu." Wewe unaichukua 07:10. Utatumia utaratibu upi?

Wengi hutazama muda wa juu ya tiketi, wakaona 05:20, wakamwomba tarehe ya kuzaliwa. Lakini rudi kwenye maneno ya tangazo: maombi yaliyofika kabla ya muda huo. Ombi la namba limefika 06:30, kwa hiyo ni la utaratibu mpya, hata kama limo kwenye tiketi ya zamani. Malalamiko ya kutozwa hayaguswi kabisa. Yanaendelea kama kawaida. Kama tangazo lingesema "tiketi zilizofunguliwa kabla", jibu lingegeuka. Neno moja tu limeamua. Ndiyo maana nasema lisome taratibu, na likiwa fupi lisome mara mbili.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Unafungua majibu yaliyoandaliwa, unachagua la kubadilisha namba, na bado linamwambia mteja atume tarehe ya kuzaliwa. Mara nyingi tangazo hutangulia, na majibu yaliyoandaliwa pamoja na mwongozo hurekebishwa baadaye. Ukiona vinapingana, fuata kile chenye tarehe ya karibuni kutoka kwa mwenye mamlaka juu ya utaratibu huo, kisha mjulishe kiongozi wa zamu kwamba jibu lililoandaliwa limepitwa. Usilitume ukitumaini mteja atajua la kufanya. Angalia pia kama mwongozo ulio mbele yako ni kichupo ulichoacha wazi tangu jana. Kinaweza kuwa bado kinaonyesha toleo la jana. Pakia ukurasa upya.

Kuhusu kubandika kwenyewe, jua chombo mnachotumia. Kwenye WhatsApp anayebandika huchagua muda, saa 24, siku 7 au siku 30, na ukiisha ujumbe unabanduka wenyewe. Utaratibu haujafutwa, ni pini tu iliyoondoka. Kwenye Slack ujumbe uliobandikwa unaweza kuhaririwa, na kuhariri huko hakuleti arifa kama ya ujumbe mpya. Utaona tu alama ndogo kwamba umehaririwa. Ukiiona alama hiyo kwenye tangazo ulilokwisha kulisoma, lisome tena lote. Kinachobadilishwa mara nyingi ni tarehe au orodha ya kazi zisizohusika, vitu vidogo ambavyo jicho lililozoea halivioni.

Ukitoka likizo, usianzie juu. Rudi mpaka siku yako ya mwisho kazini, usome kuja mbele, la zamani kwanza. Wakati mwingine tangazo la Jumatano linafuta la Jumatatu, na aliyesoma kinyume hubaki na la Jumatatu kama neno la mwisho.

Usihesabu alama ya vema uliyobonyeza chini ya tangazo kuwa umelisoma. Kipimo ninachokiamini ni kuandika kilichobadilika kwa maneno yako, mstari mmoja: "Zamani: tarehe ya kuzaliwa. Sasa: msimbo kwa barua pepe. Ombi la namba tu, lililofika tangu saa 3 asubuhi. Iliyofungiwa, usalama." Ukishindwa kuandika upande wa "zamani", huenda hukuujua vizuri utaratibu uliokuwepo, na ni afadhali uligundue hilo kabla mteja hajakuuliza.

Na kuna yale ambayo tangazo halikuyasema. Kwenye mfano wetu, mteja anayesema amepoteza barua pepe aliyosajili ameachwa njia panda: msimbo hawezi kuupata, na tarehe ya kuzaliwa imekatazwa. Usijitungie njia ya tatu, na usirudi kimyakimya kwenye ile ya zamani kwa kumhurumia, kwa sababu anayetaka kuiba akaunti ya mtu naye atakuja na maelezo hayohayo. Mwandikie mteja kwamba ombi lake limepokelewa na linafuatiliwa, kisha uliza chini ya tangazo lenyewe, siyo kwa ujumbe wa faragha, ili jibu walione na wenzako wa zamu ijayo. Swali liwe limekamilika: "Mteja anaomba kubadilisha namba, ombi limefika 06:45 UTC, akaunti haijafungiwa, hana tena barua pepe iliyosajiliwa. Tumthibitishe vipi, au iende usalama?" Kiongozi anaweza kulijibu hilo kwa mstari mmoja, na wewe wakati unasubiri unachukua tiketi inayofuata.