Usiamini nyota za jedwali kabla hujatazama mabaki: mfano wa mikarafuu ya Pemba

Msimu wa tasnifu ukifika, wanafunzi huniletea rigresheni zao nizipitie, na wanaotoka Pemba wengi wameandika juu ya karafuu. Jedwali limepangwa vizuri, nyota tatu zimekaa pembeni ya namba, lakini grafu hakuna hata moja. Mie huomba grafu moja tu kabla ya kusoma chochote: mabaki ya modeli yakiwa wima, na makadirio ya modeli yakiwa mlalo. Baki ni kile kinachosalia ukitoa kilo ambazo mstari wa modeli umemkadiria mkulima kwa idadi ya miti yake kutoka kwenye kilo alizovuna kweli.

Kosa sanifu ni kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba. Fomula yake ya kawaida, ile ambayo programu hukupa bila kuuliza, inachukulia kwamba mabaki hayo yametawanyika kwa kiasi kilekile kwa kila mtu, mwenye miti kumi sawa na mwenye miti tisini. Mtawanyiko usipolingana, hali hiyo huitwa heteroskedastisiti, na kwenye mashamba ya karafuu ni jambo la kutarajiwa. Mwenye miti kumi nyuma ya nyumba huchuma mwenyewe na wanawe. Msimu ukimwendea vibaya, hupungukiwa kilo chache. Ukimwendea vizuri, huzidisha kilo chache. Mwenye miti tisini anategemea wachumaji wa kulipwa, wakati uleule ambao kila mwenye shamba anawatafuta. Karafuu haingoji: ikishafunguka ua, thamani yake imeshuka. Akiwapata wachumaji na jua likawaka wakati wa kuanika, huvuna mno. Akiwakosa, nusu ya mzigo hupotelea mtini. Mzee mmoja wa upande wa Mtambile aliniambia, "Mwanangu, usiniulize nina mikarafuu mingapi. Niulize msimu huu nimepata wachumaji wangapi."

Tuchukue mashamba 12. Namba hizi nimezitunga mwenyewe, nimezichagua ili hesabu iweze kufuatwa kwa kalamu, lakini sura yake ndiyo ninayoikuta kwenye data za kweli: wakulima wadogo wengi, wakubwa wawili.

```r
library(sandwich)
library(lmtest)
miti <- c(10,10,10,10,20,20,20,20,30,30,90,90)
kilo <- c(24,26,34,36,48,52,68,72,70,110,150,390)
m <- lm(kilo ~ miti)
plot(fitted(m), resid(m))
abline(h = 0)
```

Mstari unaotoka ni rahisi: kilo 3 za karafuu kavu kwa kila mti, na unaanzia sifuri. Sasa itazame grafu. Kushoto kabisa, kwa wenye miti 10, mabaki hayavuki kilo 6 juu wala chini. Kwa wenye miti 20 yanafika 12, kwa wenye 30 yanafika 20, na kulia kabisa, kwa wale wawili wenye miti 90, mmoja yuko kilo 120 juu ya sifuri na mwenziwe kilo 120 chini yake. Umbo lote ni kama tanga la ngalawa lililolazwa: ncha upande mmoja, upana upande wa pili.

Unapoisoma grafu ya namna hii, linganisha upana wa pande mbili, usihangaike na nukta moja iliyojitenga katikati. Angalia pia kama nukta zenyewe zinapinda, mathalani zote za kushoto na za kulia ziko chini ya sifuri na za katikati ziko juu. Hapo tatizo lako ni jingine: mstari ulionyooka haufai, na dawa ya mtawanyiko haitakusaidia. Halafu zingatia idadi ya nukta. Penye nukta nyingi upana huonekana mkubwa hata kama mtawanyiko ni uleule, kwa sababu tu nafasi za kupata nukta ya mbali ni nyingi. Hapa imekuwa kinyume, kushoto kuna nukta nane zilizobanana na kulia zipo mbili tu zilizoachana mno, ndiyo maana nina uhakika na ninachokiona. Kuna vipimo vya kuthibitisha, kwa mfano `bptest(m)`, lakini vina udhaifu wake: sampuli ikiwa ndogo havishtuki, ikiwa kubwa sana hushtuka kwa jambo dogo. Mie naamini jicho kwanza.

Twende kwenye kosa sanifu lenyewe. Fomula ya kawaida hupandisha kila baki kwa kipeo cha pili, hujumlisha, kisha hugawa. Jumla hapa ni 30,120, ukigawa kwa 10 (mashamba 12 utoe namba mbili zilizokadiriwa) unapata 3,012, na wastani huo hupewa mashamba yote sawasawa. Lakini katika ile 30,120, mashamba mawili makubwa yamechangia 28,800. Mkulima wa miti 10 amebandikwa mtawanyiko asiokuwa nao, na mkulima wa miti 90 amepunguziwa wake.

Kama kila mkulima angekuwa na sauti sawa katika kuamua mteremko wa mstari, kubebana huko kusingeleta madhara makubwa. Sauti hazilingani. Wastani wa miti ni 30, na shamba lililo mbali na wastani ndilo linaloushika mstari na kuuelekeza. Jumla ya umbali huo kwa kipeo cha pili ni 9,200, na 7,200 zimetoka kwa mashamba yale yale mawili. Kwa hiyo wanaoamua mteremko ndio hao hao wasiotabirika, na fomula ya kawaida imewahesabu kama watulivu. Kosa sanifu linatoka 0.57, mteremko wa 3 unalizidi mara tano, thamani ya p ni kama 0.0004, na mwanafunzi anaweka nyota zake tatu.

Makosa sanifu imara, yaliyozoeleka kwa jina la Halbert White kutokana na makala yake ya 1980, hayatumii wastani mmoja. Kila shamba linaingia na baki lake lenyewe, likipewa uzito kulingana na umbali wake kutoka kwenye wastani wa miti. Yapo ya aina kadhaa, na hapa nalinganisha mbili, HC1 na HC3, na fomula ya kawaida.

```r
coeftest(m)
coeftest(m, vcov = vcovHC(m, type = "HC1"))
coeftest(m, vcov = vcovHC(m, type = "HC3"))
```

Mteremko unabaki 3 katika amri zote tatu. Makadirio hayabadiliki, R² haibadiliki. Kinachobadilika ni kosa sanifu na vyote vinavyotegemea kosa hilo: kwa HC1 linapanda hadi 1.21 na thamani ya p inakuwa kama 0.03, kwa HC3 linafika 2.11 na thamani ya p inakaribia 0.19. Wigo wa asilimia 95 uliokuwa kati ya kilo 1.7 na 4.3 kwa mti, kwa HC3 unaanza chini ya sifuri na kufika 7.7.

Mbona HC1 na HC3 zimeachana hivyo, na zote ni imara? Shamba lililo mbali na wastani lina nguvu ya kuuvuta mstari ujongee kwake, na mstari ukishajongea, baki lake huonekana dogo kuliko ukweli. HC1 hulichukua baki hilo kama lilivyo, kisha huongeza marekebisho madogo ya idadi ya sampuli. HC3 hulirudishia ukubwa wake. Katika mfano huu kila shamba la miti 90 lina nguvu ya takriban 0.47, kwa hiyo HC3 hugawa 120 kwa 0.53, yaani moja ukitoa nguvu hiyo, na kupata 228. Namba hiyo ina maana: ukiliondoa shamba hilo, ukachora mstari kwa 11 yaliyobaki, mstari huo utalikosa kwa kilo 228. Kwa sampuli ndogo mie hutumia HC3. J. Scott Long na Laurie Ervin walipolifanyia majaribio jambo hili mwaka 2000, walishauri HC3 kwa sampuli zisizofika 250, na tasnifu nyingi za mashamba ninazoziona hazifiki hapo.

Usitoke hapa ukidhani kosa imara ni lazima liwe kubwa zaidi. Mtawanyiko mkubwa ungekuwa kwa wakulima wa miti 30, waliokaa kwenye wastani wenyewe, lingeshuka chini ya lile la kawaida.

Kuna kitu ambacho makosa haya hayakigusi kabisa, nacho ni utabiri wa mkulima mmoja mmoja. Ukiiomba modeli hii wigo wa mavuno ya mwenye miti 10 kwa `predict(..., interval = "prediction")`, itakwambia kati ya kilo 100 chini ya sifuri na kilo 160. Hakuna mtu Pemba aliyewahi kuvuna kilo chini ya sifuri, na wanne tulio nao wamevuna kati ya 24 na 36. Utabiri huo bado unatumia ule wastani wa 3,012, hata kama jedwali lako limejaa HC3. Kama utabiri ndio lengo, jaribu logi ya kilo dhidi ya logi ya miti. Kwa wadogo na wa kati hapa mtawanyiko mkubwa ni asilimia 20 hadi 22 ya makadirio, hivyo logi ingewasawazisha vizuri. Wakubwa wamefika asilimia 44, kwa hiyo hata logi haitawatuliza.

Na hapo ndipo ninapomrudia yule mzee wa Mtambile. Mtawanyiko huo wa kulia una sababu inayoweza kuulizwa kwenye dodoso: wachumaji wangapi, kwa siku ngapi. Ukiacha swali hilo, na kama wenye miti mingi ndio wanaopata wachumaji kwa urahisi, basi ile 3 yenyewe imepinda, na kosa sanifu la aina yoyote halitainyoosha. Vilevile, mashamba ya shehia moja hunyeshewa mvua moja na kugombania wachumaji walewale. HC3 huyachukulia kama hayajuani. Kwa hilo unahitaji makosa yaliyokusanywa kwa shehia, nayo huhitaji shehia nyingi, siyo tatu.

Ushauri wangu kwa mwenye data kama hii, kama bado yuko shambani, ni kuongeza wakulima wakubwa badala ya wadogo. Wadogo kumi zaidi hawatasogeza kosa hilo kwa kiasi cha maana, kwa sababu wasiwasi wote umebebwa na watu wawili.

Ukiandika matokeo, taja chini ya jedwali ni aina gani umetumia. Chaguo la `robust` kwenye `regress` ya Stata hukupa HC1, na `vcovHC` ya R usipoiambia kitu hukupa HC3. Kwa mashamba haya 12, msimamizi wako akirudia hesabu kwenye programu nyingine atapata 1.21 mahali ulipoandika 2.11, na atakuuliza.