Hisa zimepanda kwa shilingi, zimeshuka kwa dola: hesabu ifanyweje

Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123 za Kenya. Kufikia Desemba ilikuwa karibu 156. Aliyenunua hisa za shilingi 123,000 Januari katika Soko la Hisa la Nairobi, akaziuza kwa 140,000 mwisho wa mwaka, alipata faida ya asilimia 13.8. Kwa dola aliingia na 1,000 akatoka na 897, yaani hasara ya asilimia 10.3.

Wengi hukosea kwa kutoa asilimia: dola imepanda 26.8, hisa 13.8, basi hasara ni 13. Sivyo. Hapa tunagawa: 1.138 kwa 1.268, jibu ni 0.897. Kadiri shilingi inavyoanguka zaidi, ndivyo njia ya kutoa inavyozidi kupotosha.

Ugumu wenyewe huja ukiongeza mtaji katikati ya mwaka. Tuseme mwezi Juni, dola ikiwa 140, uliongeza shilingi 70,000. Hizo ni dola 500, na zinabaki 500 hata dola ipande vipi baadaye. Mtaji wako sasa ni shilingi 193,000, au dola 1,500. Desemba hisa zote zina thamani ya shilingi 210,000, sawa na dola 1,346: umepoteza asilimia 10.3. Lakini ukigawa mtaji wote kwa 156 ya Desemba, utapata dola 1,237 na utadhani umepata faida ya asilimia 8.8. Hiyo ni faida ileile ya shilingi, imeandikwa tu kwa alama ya dola. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: asilimia za shilingi na dola zikilingana kabisa ilhali sarafu imesogea, umetumia kiwango kimoja kila mahali.

Kwa hiyo kila unapoweka au kutoa fedha, andika siku hiyohiyo tarehe, shilingi, kiwango na dola zake. Tumia kiwango cha Benki Kuu kuthamini hisa ambazo hujauza. Kama umebadilisha fedha kweli, andika kiwango ulichopewa na benki yako, maana tofauti ya kununua na kuuza ni gharama yako.

Mwenye akaunti ya dola naye ajihadhari. Akianza 2023 na dola 1,000, sawa na shilingi 123,000, akapoteza asilimia 10, dola zake 900 zilikuwa shilingi 140,400 Desemba, naye akajiona bingwa. Kisha Februari 2024 Kenya ilitoa hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kulipa ya zamani, shilingi ikapanda, na ndani ya wiki chache dola ikatoka karibu 160 hadi karibu 130. Ustadi wa kununua na kuuza upime kwa sarafu ya akaunti yenyewe. Faida au hasara ya sarafu iwekee mstari wake. Anayelipa karo kwa shilingi atazame jumla ya shilingi, na anayeagiza bidhaa Dubai atazame dola.