Mkataba wa mwaka wa viyoyozi na feni za skuli

"Mie fundi, skuli inataka niwahudumie viyoyozi na feni zote kwa bei moja ya mwaka. Niandikeje?"

Ndugu yangu usitaje bei kabla hujapita darasa kwa darasa ukaandika hali ya kila kimoja na mwalimu mkuu akasaini, mie niliruka hapo nikabebeshwa viyoyozi ambavyo koili ya nje imeshaliwa na chumvi ya bahari, ikawa najaza gesi kila mara kwa pesa yangu. Gesi haiishi kwa kutumika, ikipungua ujue inavuja. Kwa hiyo bei ya mwaka iwe ya kazi tu, kuosha filta na koili, kuzibua bomba la maji, feni kukaza skrubu na kupima kapasita. Gesi na vipuri mbali. Waya zilizoungua ukutani mwachie fundi umeme mwenye leseni.