Ukikaa kimya peke yako, unamngoja nani?

Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, mimi hutafakari nyumbani dakika 20 kila alfajiri. Kwa nini nipoteze saa nzima ya Jumapili kukaa na watu wasiosema kitu? Na jirani akikoroma je?"

Nimelelewa Vihiga, katika Kanisa la Marafiki, yaani Quakers, ambalo kwetu Kenya lilianzia Kaimosi mwaka 1902. Kwetu ibada ni kwaya, ngoma na mahubiri. Nilipohamia Uingereza ndipo nikakuta ibada ya kimya ya Marafiki wa tangu enzi za George Fox, mwanzilishi wetu: viti vimezungushwa, hakuna mchungaji, hakuna wimbo. Ndugu zangu walinicheka eti napanda basi kwenda kusinzia kanisani. Waache wacheke.

Nyumbani mwenye kikao ni mimi. Nachunga pumzi yangu, nikichoka nainuka. Kule tunangoja Mungu aseme nasi, na neno lake huenda likamjia mwingine. Yeyote anaweza kusimama, aseme maneno machache, akae. Kisha kimya kinarudi kwa dakika kadhaa ili maneno yazame. Hajibiwi, wala hapigiwi makofi. Kwa hiyo likikujia neno, lipime kwanza: ni langu, au ni la wote? La kwako peke yako mara nyingi hupoa ukilinyamazia. La wote hukupiga moyo mpaka miguu ikasimama yenyewe. Kipimo hicho hukipati chumbani kwako.

Robert Barclay, mwanateolojia wa Marafiki, aliandika mwaka 1676 kwamba mishumaa mingi ikiwekwa mahali pamoja, mwanga huongezeka. Mimi nimeuona. Kikohozi kinakoma, viti vinaacha kulia, halafu mtu ng'ambo ya chumba anasimama na kusema lile lile nililokuwa nimelishikilia. Siku hiyo sihitaji kusimama tena.

Lakini huharibika pia. Niliwahi kusimama nikamtaja mama yangu aliyekuwa mgonjwa. Kabla sijakaa vizuri, bwana mmoja akainuka kunisahihisha imani yangu, wa tatu akamjibu yeye, ibada ikawa baraza. Bado inaniuma. Ukiona watu wanafuatana kusema bila kimya katikati, jua kungoja kumekwisha.

Basi, ndugu yangu, fika mapema, maana anayechelewa anawatoa wote walipofika. Usije na hotuba mfukoni. Usije pia umeapa kutosema. Mawazo yakikimbilia sokoni, usipigane nayo kama unavyofanya nyumbani. Mtazame aliye mbele yako umwombee kimoyomoyo. Hapo ndipo wengi mnaotoka kwenye tafakuri mnaposhindwa: mnafumba macho mnajifungia ndani, chumba kizima kinakuwa na watu waliokuja kila mmoja na lake. Acheni hilo!

Saa ikitimia, wazee wawili wanapeana mikono, kisha kila mtu na jirani yake. Na jirani akikoroma, kama ulivyouliza? Mguse bega taratibu, uendelee kungoja.