Viazi vya bibi na sufuria yenye maji nusu

Swali la wiki: "Viazi vitamu nikichemsha vinatoka vya maji, nikikaanga vinalegea. Nitajuaje vipi ni vya kuchemsha, vipi vya kuchoma na vipi vya kukaanga?"

Mimi hukiangalia kiazi kabla ya kuwasha jiko. Cheupe mara nyingi ni cha unga. Kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa, kina maji zaidi na wanga kidogo, kwa hiyo ukikichemsha usitegemee kitoke kikavu.

Kwa chai ya asubuhi nachemsha vyeupe, ila sivizamishi. Marehemu bibi yangu, kule Sengerema, alivipanga na maganda yake, vikubwa chini, akatia maji yaliyofika nusu ya viazi tu, akafunika kwa majani ya mgomba kisha mfuniko. Vya juu viliiva kwa mvuke. Kijiti kikipenya bila kukwama, alimwaga maji yaliyobaki na kurudisha sufuria kwenye makaa machache kwa dakika kumi hivi. Wengi huruka hatua hiyo, na ndiyo inayokausha. Ganda likianza kujikunja, unyevu umetoka. Ukivimenya kwanza, vinakunywa maji.

Viazi lishe navichoma. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, nacho hufanya kazi vizuri joto la ndani likiwa kati ya nyuzi 60 na 75 hivi. Moto wa haraka hukivusha hapo upesi, wa polepole hukiacha kifanye kazi yake. Ndiyo maana navifukia kwenye jivu la moto pembeni ya makaa, si juu yake, nikivigeuza kwa muda wa kama saa moja. Vikiiva, ganda hutoa utomvu mzito kama asali na nyama inakuwa laini, ya kunata kidogo. Juu ya moto mkali utapata ganda lililoungua na moyo mbichi.

Kukaanga kulinifundisha kwa hasara. Nilitumia viazi lishe vilivyokaa stoo wiki tatu. Kiazi kikikaa, sukari huongezeka, basi vikawa vyeusi nje kabla ya kukauka ndani. Mara ya pili nilichukua vyeupe vilivyochimbwa juzi yake, nikakata vipande vya unene wa kidole kidogo, nikaviloweka nusu saa ili wanga wa juu utoke, nikavifuta kwa kitambaa hadi vikauke, kisha nikakaanga vichache vichache kwa moto wa wastani. Nje vikashika, ndani vikawa vya unga. Hata hivyo, havikai vikavu muda mrefu kama chipsi za viazi mviringo, kwa hiyo uvile vikiwa bado vya moto. Ukitaka vinavyovunjika mdomoni, kata vyembamba kama krispi.

Na vikibaki na kiini kigumu hata baada ya kuchemka saa nzima, usilaumu sufuria. Huenda vilikaa kwenye friji.