Kilomita kutoka pengo la P na S kwenye picha

"Nina picha ya karatasi ya mtetemo wa tetemeko la ardhi, wimbi la P linalofika kwanza na la S linalofuata yametiwa alama. Nimepima 20 mm katikati. Tetemeko lilikuwa kilomita ngapi kutoka kituoni?"

Milimita hizo peke yake hazitoshi, picha imeshabadili ukubwa wa karatasi. Pima pia nafasi kati ya alama mbili za dakika zinazofuatana kwenye mstari huohuo, karibu na P. Ikiwa ni 48 mm, basi 20 ÷ 48 × 60 = sekunde 25. Zidisha kwa 8: kama km 200 kutoka kituoni. Hiyo 8 ni ya matetemeko ya karibu, yasiyo ya kina kirefu. Ikague S, maana huanza P ingali inatikisa. Ukikosea sekunde 2, umekosea km 16.

"Upande gani sasa, kaskazini?"

Pengo halisemi upande, ndugu. Tafuta umbali kutoka vituo vingine viwili pia.