Kama ndo unaanza kupima chumvi ya maji kwenye mdomo wa mto, soma hapa kwanza

Wadogo zangu mnaokuja fildi hapa Dar, nitawaambia kosa lililonipotezea karibu msimu mzima wa masika. Tulikuwa hori la Mzinga kule upande wa Mtoni, ambako mto Kizinga na mto Mzinga inaingia baharini katikati ya mikoko, na kazi ilikuwa kujua vifaranga vya kamba wanakaa wapi na kwenye chumvi kiasi gani.

Mi nilikuwa nachota maji ya juu tu na ndoo, naweka tone kwenye rifraktometa, nasoma, naandika. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, mvua imenyesha usiku kucha, nikapata 6, yani gramu 6 za chumvi kwa kila kilo ya maji, wakati bahari ya kawaida ni kama 35. Nikaandika kabisa kwamba maji yameshakuwa baridi, yani karibu hayana chumvi, kamba wameondoka. Mzee mwenye mtumbwi akaniuliza, "Sasa mwanangu, kamba anaogelea juu au anatembea chini?" Nikakosa la kusema.

Tukafunga jiwe kwenye chupa, kizibo tukakifunga uzi, tukashusha mpaka karibu na tope, kina kama mita mbili hivi, ndo tukavuta kizibo. Chini nikasoma 27! Sehemu ileile, dakika ileile. Tukaburuza kiwavu chenye matundu madogo juu ya tope na vifaranga wakaja, wadogo kama punje ya mchele, wengi tu.

Sababu ni kwamba maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, kwaiyo ya mto yanateleza juu na ya bahari yanajipenyeza chini kama kabari. Siku ile ilikuwa maji mafu, mkondo hauna nguvu ya kuyachanganya. Ukienda wakati wa bamvua, maji yakijaa na kupwa kwa nguvu, unaweza kukuta juu na chini tofauti ni ndogo sana, na kiangazi mto ukinywea, kule ndani kwenye mikoko jua linakausha maji mpaka chumvi inaweza kuzidi ya bahari yenyewe. Kwaiyo usitegemee kila siku kukuta chumvi inapungua kadiri unavyopanda kuelekea mtoni.

Sasa kwa nini kamba ahangaike kuja huku? Mama yake hatagi huku, anataga nje baharini maana mayai na viluwiluwi wa mwanzo wanataka chumvi kamili. Baada ya wiki mbili tatu hivi wanasogea pwani, na hawana nguvu ya kupigana na mkondo, kwaiyo wanapanda maji yakijaa na kushuka kwenye tope yakipwa. Wanahisi chumvi inavyobadilika na uzito wa maji juu yao. Kila maji yakijaa wanasogea ndani kidogo, yani wanapanda daladala ya bure.

Wakishafika, chumvi ya katikati inawasaidia kweli, kwasababu damu ya kamba mdogo inakaribiana nayo, hivo hatumii nguvu nyingi kutoa au kuingiza chumvi mwilini, nguvu inaenda kwenye kukua. Lakini msiiangalie chumvi peke yake. Maji ni machafu ya tope, samaki wakubwa wanaowinda kwa macho hawamuoni vizuri, kina ni kifupi na mizizi ya mikoko inawazuia. Na chakula kipo, ingawa watu husema ni majani ya mikoko, sehemu kubwa ni mwani mdogo sana unaoota juu ya tope na vidudu wanaoula. Mikizi na mwatiko wadogo nao wanakuja kwa sababu hizohizo.

Chaza yeye hahami, anafaidika kivingine. Kiti cha pweza ambaye angemla hawezi kabisa kurekebisha chumvi ya mwili wake, kwaiyo maji yakipungua chumvi hakai, wakati chaza anafunga gamba na kusubiri. Ila mafuriko yakikaa siku nyingi mfululizo chaza naye anakufa, mtamkuta gamba limeachama.

Turudi kwenye kipimo. Kabla ya kuanza weka tone la maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, isome 0, ikiwa si 0 zungusha skrubu, alafu kati ya sampuli na sampuli osha kioo na ufute, tone la chini lililobaki linaharibu la juu. Pima juu na chini, wakati wa kujaa na wakati wa kupwa, kama saa sita baina yake. Na pembeni ya kila namba andika saa, kama ni bamvua au maji mafu, na mvua ilinyesha lini, maana ile 6 yangu bila hayo maneno ilikuwa inasomeka kama hori limekufa.